Usinunie wino mwekundu

Msomaji wangu, sisi Wahaya tunataniwa eti ni nshomile, wasomi wa kujidai. Basi sikia yaliyonikuta hapa Kashozi nikiwa kidato cha tatu. Insha yangu ya kahawa ilirudi na 8 kwa 20. Pembeni mwalimu kaandika: "Mifano?" na "Aya imejaa." Nikanuna, nikaitupia sandukuni. Insha iliyofuata ikarudi na maneno yale yale!

Dada yangu akacheka. "Mdogo wangu, hayo ni malalamiko ya mwalimu. Wewe andika utakachofanya."

Tukagawa karatasi kwa mstari. Kushoto maneno ya mwalimu, kulia kazi yangu. Mbele ya "Mifano?" nikaandika: kila nikidai jambo, sentensi inayofuata itaje kitu nilichokiona. Mbele ya "Aya imejaa": kabla ya kuanza, kila aya niieleze kwa sentensi moja, ikidai mbili, niigawe.

Insha ya tatu ilihusu migomba. Zamani ningeandika, "Ndizi zina faida nyingi," nikaishia hapo. Safari hii nikaongeza: "Mkungu mmoja mama aliupeleka msibani, mwingine akauuza, akanunua chumvi na sabuni."

Nikapata 13. Yale maneno mawili hayakuwepo, ila pembeni palikuwa na jipya: "Hitimisho?" Jamani, nilifurahi! Wino ulikuwa mwekundu vilevile, lakini kosa lilikuwa jingine. Nikaitoa karatasi yangu, nikaandika upande wa kushoto: "Hitimisho?"