Picha ya sahani iliyovunjika

Mteja mmoja wa Uvira alinunua kwetu sahani 6 kwa WhatsApp. Zilipomfikia, alitutumia picha ya moja iliyopasuka, akidai dola 3 zake. Picha ilikuwa safi mno, kama ya dukani.

Tuliihifadhi katika simu, tukafungua Google, tukagusa alama ya kamera inayoitwa Lens, tukaichagua. Zilitokea sahani nyingi zinazofanana na yetu, lakini kufanana tu si ushahidi. Tulitafuta ufa wenyewe: unaanzia wapi, unapinda wapi, chini kuna kitambaa gani. Katika ukurasa mmoja wa ng'ambo tuliukuta uleule, hata kitambaa. Tusingeukuta, bado isingekuwa hakika, maana Lens haioni picha zilizo ndani ya simu za watu.

Hatukumtukana. Tulimwomba picha nyingine, vipande vikiwa kando ya karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku ile. Akajibu kwamba kamera ya simu yake imekufa, ndiyo maana aliazima picha. Kesho yake shemeji yake alituletea vipande ndani ya mfuko. Vilikuwa vya sahani yetu kweli. Tulimrudishia dola 3.