Barua kutoka Sharja: Vyumba Ishirini na Vinne vya Mjambere

Mwana wa ami yangu mpenzi,

Picha za jengo lako la Mjambere, Kisauni, zimenifikia, na nimefurahi kuona mafundi wamekwisha imimina dari ya ghorofa ya nne. Umeniuliza tufanyeje ili vyumba 24 vijae kabla miezi miwili haijatimia tangu milango kufunguliwa. Maadamu riziki yangu huku naipata katika afisi ya kukodisha nyumba, nitakujibu kwa tafsili, walakini utanistahimilia nikianza na mambo ya ugenini.

Mtaa wa Nahda ninaokaa umepakana na Dubai hata mtu akivuka barabara huwa amekwisha ingia milki nyingine, na aghalabu mnara mpya unapokwisha upande huo wa pili huvishwa bango linalomwahidi mpangaji mwezi mmoja wa kukaa bure. Mgeni hudhani huo ni ukarimu, ilhali ni hesabu. Kule Dubai, amri nambari 43 ya mwaka 2013 imefungia nyongeza ya kodi katika kipimo cha bei za mtaa, kwa hiyo mwenye nyumba aliyeanza na kodi ya chini huenda akaitumikia miaka mingi. Naye huona heri kumsamehe mpangaji mwezi mmoja, ambao ukipita umepita, kuliko kukishusha kiwango kilichoandikwa katika mkataba.

Kwetu amri hiyo haiko, lakini mazungumzo ya ngazini hufanya kazi ile ile, kwani hapana mpangaji atakayelipa shilingi 8,000 kwa ridhaa akisikia jirani wa mlango wa pili analipa 7,500. Tuseme kodi yako ni hiyo 8,000, na mwezi wa kwanza umekwisha na vyumba vinane bado vitupu. Ukishusha 500 kwa jengo zima, kwa mwaka umepoteza 144,000, na mwaka wa pili vivyo hivyo. Ukiwasamehe nusu mwezi hao wanane wa mwisho tu, umepoteza 32,000 mara moja, na kodi imebaki pale ilipo. Lakini hata msamaha huo usiutoe mapema, kwa sababu mtu wa Mjambere anayetaka kuhama, awe mhudumu wa hoteli za Bamburi na Shanzu au mchuuzi wa soko la Kongowea, mara nyingi hazuiliwi na kodi ya mwezi bali na kishindo cha siku ya kwanza: kodi 8,000, depoziti 8,000 nyingine, na gari la kubeba vyombo, ilhali depoziti yake ya zamani bado imo mikononi mwa mwenye nyumba anayemwacha. Mruhusu alipe depoziti kwa mafungu mawili, nusu siku ya kuingia na nusu mwezi wa pili, iandikwe katika mkataba, nawe utakuwa umeufungua mlango bila ya kupunguza hata senti.

Sasa nije kwenye kalenda, ambayo ndiyo huwaponza wengi. Vyumba 24 kwa majuma manane, mtu atasema ni vitatu kila juma. Lakini watu hawahami kila juma, huhama mshahara ukitoka, baina ya tarehe 25 na tarehe 5, na kabla ya hapo yawapasa wampe mwenye nyumba wa zamani ilani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo atakayeingia kwako mwisho wa Oktoba aliamua mwisho wa Septemba, na ukimwonyesha chumba tarehe 28 Oktoba, hata akikipenda mno, hawezi kuhama mpaka mwisho wa Novemba bila ya kulipa kodi mara mbili. Ndiyo maana nakusihi jengo lifunguliwe tarehe 20 Oktoba wala si mwanzo wa Novemba: utapata mwisho wa Oktoba, mwisho wa Novemba, na Desemba kabla ya sikukuu, waajiri wengi wanapolipa mapema, nawe utahitaji wapangaji wanane kila zamu. Januari usiihesabu, kwa kuwa fedha zote huishia katika karo. Na ukingojea mvua za Aprili, hoteli za pwani zitakuwa zimewapumzisha vibarua wao.

Na ili zamu ya kwanza isikupite, chumba kimoja kimalizike kabla ya vingine, mwisho wa Septemba, rangi ikiwa imekauka, taa inawaka na bomba linatoka, kiwe ndicho cha kuonyeshwa wakati mafundi wangali juu. Anayekipenda alipe 2,000 za kushikia, zitakazohesabiwa katika kodi yake, nawe umwandikie kwamba chumba chake kisipokuwa tayari siku mliyoagana atarudishiwa zote.

Maji ndiyo sharti nisilokubali ulivunje. Kisauni bomba huja kwa zamu na visima vingi vina chumvi, kwa hiyo swali la kwanza la kila atakayekuja litakuwa hilo, na jibu lake litamfikia jirani yake kabla ya jua kuchwa. Tangi likikalishwa juu ya dari moja kwa moja, ghorofa ya nne itapata maji yanayotiririka kwa unyonge, kwa sababu kimo kati ya tangi na bomba ni kidogo mno. Liinueni juu ya nguzo mita mbili au tatu, kisha jaribuni wakati wa magharibi, mabomba yote ya juu yakifunguliwa kwa pamoja. Ghorofa hiyo pia ndiyo inayopigwa na jua na haina lifti, nayo ndiyo itakayokubakia ukiwaachia watu wachague wapendavyo. Tangu siku ya kwanza itozwe 7,500 kwa wazi, ili kila mtu aone sababu na asinung'unike, wala usiwaonyeshe watu zaidi ya vyumba vitatu kwa wakati mmoja, kimojawapo kiwe cha juu.

Watu wa kukuletea wapangaji ni vijana wa bodaboda wa stejini na wapangaji wako wa mwanzo, wala si madalali wanaomtoza mtu fedha za kutazama tu. Yeyote aletaye mtu apewe ujira wake baada ya mpangaji kulipa na kuingia, si kabla. Kodi na depoziti zipite kwenye nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la jengo, na keyateka asipokee hata shilingi mkononi, kwani hadaa ya watu watatu kutozwa depoziti ya chumba kimoja huanzia hapo.

Mwisho, mpe keyateka daftari lenye safu tatu: waliopiga simu, waliokuja, waliolipa. Simu zikiwa chache, habari haijaenea. Zikiwa nyingi na wanaokuja wachache, kodi imewashtua au njia wameelekezwa vibaya. Wakija wengi wakaondoka bila ya kulipa, kasoro imo ndani ya jengo, basi muulize kila mmoja alichokiona kabla hujagusa bei. Na usiwe na pupa ukampokea asiyeweza kutaja mwenye nyumba wake wa zamani, kwa kuwa ukimwingiza asiyelipa, sheria ya Kenya haikuruhusu kumng'olea mlango, na kufuata njia ya dalali wa mahakama kutakula miezi mingi kuliko ile ambayo chumba kingekaa kitupu.

Nipigie picha kurasa za daftari hilo kila Ijumaa baada ya sala. Za juma la kwanza la Oktoba zikionyesha walioshikia chumba hawajafika watano, tusingoje mwisho wa mwezi; nitaomba ruhusa kazini nikupigie siku hiyo hiyo.

Wasalaam,
nduguyo wa Sharja