Mgeni Aanzie Wapi? Ukurasa Mmoja wa Sarang'ombe

Mgeni anayefika Sarang'ombe kwa mara ya kwanza huwa na jina la mtu, nambari ya simu, na maelezo ya njia yaliyokatikia pale matatu iliposimama. Nyumba hazina nambari wala vichochoro havina majina yaliyobandikwa. Mwenyeji huelekeza kwa reli: uko juu ya reli au uko chini yake? Aliyeko Olympic yuko juu. Anayetafuta Gatwekera hana budi kuvuka. Baada ya reli huja kanisa, choo cha kulipia, kinyozi, mti. Maelezo haya humtosha aliyezaliwa hapa, lakini mgeni hujikuta amepewa majina ya vitu ambavyo hajaviona.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa karatasi ya ukurasa mmoja kwa ajili ya wanafunzi wanaopanga vyumba karibu na Olympic, na kwa wale wanaokuja kukusanya data ya isimujamii. Juu yake pameandikwa "Anzia Hapa". Nimeona niwaeleze wasomaji wa jarida hili jinsi karatasi hiyo inavyopangwa, kwa sababu tatizo lake kuu ni la lugha.

Wazo la kupanga maelezo kwa kufuata haja za watu si langu. Kabla ya mwaka 2009, mtu aliyefungua ramani huria ya OpenStreetMap aliona Kibera kama pengo tupu lililozungukwa na mitaa yenye majina. Mwaka huo vijana wa Kibera waliojiunga na mradi wa Map Kibera walitembea vichochoroni wakiwa na vipokezi vya setilaiti, wakaweka alama kwenye zahanati, shule, vyoo, vituo vya maji na makanisa. Yaliyofuata ndiyo yaliyonivutia zaidi. Ramani yenye kila kitu haikumfaa mtu yeyote hasa, kwa hiyo ikagawanywa kimada: afya, elimu, usalama, maji na usafi. Kila mada ilichapishwa peke yake na kurudishwa kwa wakazi waisahihishe. Mama anayetafuta zahanati hana haja ya kuonyeshwa makanisa.

Hata hivyo, mada si haja. "Afya" ni neno la ofisini, mtu hasemi, "Nahitaji afya." Husema, "Mtoto ana homa." Ndiyo maana vichwa vya karatasi yangu ni sentensi za nafsi ya kwanza: *Nimehamia leo, sina maji. Mtoto ameugua. Natafuta shule. Nimekuja kutafiti.* Vichwa ni vinne tu. Niliwahi kujaribu tisa, nikaona wageni wanasoma karatasi nzima kama gazeti, kisha wanauliza jirani.

Chukua mfano wa mama aliyepanga Gatwekera wiki iliyopita. Ni saa nne za usiku, na mwanawe wa miaka miwili ana homa. Ramani ya kidijitali ina alama nyingi za `amenity=clinic`, lakini alama hiyo haisemi kama mlango uko wazi usiku. Ipo alama nyingine, `opening_hours`, ila ni vituo vichache vilivyojaziwa. Mama akifuata alama iliyo karibu anaweza kukuta kufuli. Hivyo, sentensi ya kwanza chini ya *Mtoto ameugua* haitaji mahali popote. Inauliza: Je, mtoto amepata degedege? Anashindwa kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachokula? Amelegea, haamki vizuri? Likiwapo jibu moja la ndiyo, asisimame kwenye duka la dawa, wala asingoje kupambazuke, aende hospitali. Kutoka huku, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni Mbagathi.

Ndipo njia inapofuata, nayo imeandikwa kwa namna ambayo mwenyeji angeicheka. Njia ya mkato inapita gizani kando ya mtaro. Karatasi inamwambia mama apite njia ndefu yenye maduka na taa, amwamshe jirani amsindikize, avuke reli, atokee barabarani Olympic, maana gari haliwezi kumfikia mlangoni. Kama hakuna hata dalili moja kati ya hizo nne, aendelee kumnywesha mtoto na ampeleke zahanati asubuhi bila kuchelewa, kwa kuwa homa ya mtoto mdogo hubadilika haraka.

Kuhusu maji, mgeni huuliza bei kwanza. Siandiki bei. Bei ya mtungi wa lita 20 hupanda mifereji inapokauka, na tarakimu iliyopitwa na wakati humfanya mgeni agombane na muuzaji asiye na kosa. Nilichoandika ni jinsi ya kuchagua kibanda. Tazama bomba linalokilisha. Mabomba mengi ya plastiki hulazwa chini, na mengine hupita ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yakiwa na nguvu, ufa hutoa maji nje. Yakikatika, ufa uleule hufyonza uchafu ndani. Kwa hiyo maji ya dakika za mwanzo baada ya mgawo kurudi ndiyo ya kuogopwa zaidi, hasa yakiwa na rangi au harufu. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera mwaka 2004, lilipitisha mabomba yake juu ya nguzo ili kuepuka mitaro hiyo. Mgeni akiinua macho atayaona. Lakini hata maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huweza kuchafukia mtungini. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mtungi wake usichotewe kitu kingine.

Adui mkubwa wa karatasi hii ni wakati. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitoa huduma Kibera kwa takriban miaka 20, kisha mwaka 2017 likakabidhi kituo cha Kibera Kusini kwa serikali ya kaunti. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu, pamoja na shule, ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Wenyeji huendelea kuelekeza kwa majina ya vitu vilivyoondoka: "pale palipokuwa na shule". Mwanaisimu atafurahia kuona jina likidumu baada ya kitajwa chake kutoweka. Mgeni mwenye mzigo kichwani hafurahii. Basi kila karatasi ina tarehe pembeni, na ikipita miezi mitatu bila mtu kuizungukia, inatolewa ukutani.

Kuijaribu si kazi ngumu. Humpa karatasi mtu ambaye hajawahi kufika, nikamfuata nyuma kwa hatua kumi bila kusema neno. Anaposimama na kugeuza shingo, hapo ndipo sentensi ina kasoro. Mara nyingi kasoro huwa katika vielezi: "mbele kidogo", "hapo chini", "ukipita tu". Vikiondolewa na mahali pake pakawekwa kitu kinachoonekana, mtu huendelea kutembea.

Sehemu ya watafiti ni fupi kuliko zote. Waende kwanza kwa mzee wa kijiji, waseme wametoka chuo gani na data itapelekwa wapi, wasimpige picha mtu kabla hajakubali. Wanaotaka vikao vya lugha ya Wanubi nawaelekeza Makina. Hiyo ni wadi nyingine, na karatasi yake ninatumaini itaandikwa na mtu wa huko.