Mama kaikataa "Kuhusu Sisi" yangu

Haya jamani, nipo hai. Nilipotea humu kwa sababu nilikuwa nyumbani Masumbwe. Kaka kaitengenezea tovuti biashara ya mama ya matobolwa na michembe, akaniambia, "Wewe ndo msomi, andika Kuhusu Sisi. Maneno machache tu."

Basi bwana, nikaandika kwa mbwembwe. Mjane maskini, watoto kulala njaa, "tangu 1995", bora kuliko zote. Kaka akadai tuongeze kwamba matobolwa yanatibu kisukari. Nikamsomea mama jikoni. Akanyamaza, halafu akauliza, "Mwanangu, unauza viazi au unauza njaa yangu?"

Iliniuma, maana njaa ile ni ya kweli. Lakini ni ya kwake, na mimi sikumwomba ruhusa.

Tukaanza upya. Nikamuuliza alianza lini. Mwaka hakumbuki, ila ushuru wake wa kwanza sokoni alilipa tukiwa bado wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga, na mwaka uliofuata tukawa Mbogwe, Geita. Hilo lilitokea 2012, kwa hiyo alianza 2011. Hiyo 1995 ilikufa pale pale. Kisukari nacho nikakifuta, maana kiazi kitamu kimejaa wanga na sukari. Mgonjwa akituamini akaacha dawa, nani atajibu?

Halafu nikafanya hivi: nikafunika jina letu kwa kidole, nikasoma sentensi moja moja. Ile ambayo duka lolote lingeweza kuisema, hata la sabuni, nikaikata. "Ubora wa hali ya juu" ikaondoka. "Tunamjali mteja" nayo ikaondoka. Karibu kila kitu kikaisha! Ikabidi niende uanikaji nikamwangalie mama anavyofanya kazi. Kilichobaki ndo hiki:

"Mama alianza 2011, akiuza kwa beseni kando ya barabara Masumbwe. Michembe yetu ni viazi vibichi vilivyomenywa, vikakatwa na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa. Kabla ya kufunga, mama huvunja kipande kimoja cha mchembe. Kikipinda badala ya kukatika, vyote vinarudi juani, maana vikifungwa na unyevu vitaota ukungu. Mvua ikinyesha mfululizo hatuaniki, kwa hiyo kuna miezi mzigo unaisha."

Kaka alilalamika kuhusu sentensi ya mwisho, eti inafukuza wateja. Mama akasema iachwe, kwa sababu wateja wakikosa mzigo huwa wanadhani kawaficha.

Nikamsomea tena yote. Safari hii hakusifia wala hakukataa. Akasema tu, "Sasa weka namba ya simu."

Haya, narudi kwenye maandalio ya masomo. Na msiniulize kama nimeleta matobolwa, chumba chote kimeshayamaliza!