Huyo wa Upande wa Pili

Mwalimu wetu wa darasa la nne alifundisha kwa vitu vitatu. Chaki aliishika mkononi, daftari akaliweka juu ya dawati la mbele, na ndoo akaisimamisha mlangoni. Chaki hii, daftari hilo, ndoo ile. Karibu, mbali kidogo, mbali. Tuliimba hivyo mpaka kengele ikalia, tukahamia kwa watu: huyu, huyo, yule. Nadhani mtoto yeyote aliyesoma Kiswahili shuleni amepita hapo, na vitabu vingi vya mitihani bado vinapanga hivyo hivyo, kana kwamba msemaji anatembea na futi kamba.

Nyumbani kwetu Tanga mambo hayakwenda kwa futi kamba. Bibi alikuwa na mwanawe Dar es Salaam, na mara moja moja tulikwenda posta kumpigia simu. Tuliingia wote wawili kwenye kibanda, mimi nikishika sarafu, yeye akishika mkono wa simu kwa mikono miwili na kupaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

“Hapo hamjambo? Huyo mtoto analilia nini?”

Mtoto mwenyewe alikuwa mchanga wa majuzi, Bibi hajamtia machoni, na kati yao kulikuwa na safari ya basi ya siku nzima. Kwa hesabu ya mwalimu, mtoto huyo alistahili kuwa “yule” kuliko ndoo yoyote ya mlangoni. Lakini Bibi alimsikia akilia upande wa pili wa waya, mikononi mwa mtu aliyekuwa akisema naye, kwa hiyo alikuwa “huyo”. Na mahali palipokuwa Dar es Salaam pakawa “hapo”. Kisha akanivuta begani: “Huyu hapa anakusalimu.” Halafu akauliza habari za mjukuu mwingine, kaka yake yule mchanga, aliyekuwa shule ya bweni Moshi: “Na yule mkubwa, barua analeta?” Yule mkubwa hakuwa kwetu wala hakuwa kwao. Alikuwa nje ya pande zote mbili za mazungumzo, ila kila mmoja anamjua.

Simu moja hiyo ilinitosha. Huyu ni wa kwangu mimi ninayesema. Huyo ni wa kwako wewe unayesikiliza. Yule si wa kwangu wala si wa kwako. Umbali unaingia humo, lakini unaingia kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu wetu naye hakuwa akisema uongo. Mwalimu husimama mbele, wanafunzi wameketi wanamtazama. Kitu kilicho mbali kidogo naye, juu ya dawati la mbele, ndicho kilicho karibu nasi. Kwa hiyo kila alipoonyesha daftari na kusema “hilo”, kanuni yake na ya Bibi zilitoa jibu moja, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Zinatengana pale tu msemaji na msikilizaji wanapokuwa mbalimbali, kama kwenye simu, au wanapobanana bega kwa bega. Sikiliza wawili waliokaa kiti kimoja cha basi. Begi lililo kwenye mapaja ya jirani yangu liko shibiri moja kutoka kwangu, nalo nitaliita “begi hilo”, kwa sababu ni lake.

Wa kwako si lazima awe mkononi mwako. Anaweza kuwa kinywani mwako, yaani umemtaja sasa hivi. E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1944, aliitazama hiyo “o” ya mwisho kuwa ni ya urejeshi: inamrudisha msikilizaji kwenye jambo ambalo tayari analo. Ukiniambia, “Fundi wa paa kaja,” nami simjui, nitakuuliza, “Fundi huyo katoka wapi?” Nimemchukua kutoka kwenye sentensi yako. Lakini nikikuuliza asubuhi, kabla hujafungua mdomo, “Yule fundi kaja?” basi sikumtoa kwenye sentensi yoyote. Nimemtoa kwenye kumbukumbu yetu wote wawili, pengine ni yule aliyechukua malipo ya awali mwaka jana akaacha kenchi wazi.

Tofauti hiyo niliisikia vizuri zaidi usiku, Bibi alipotutolea hadithi. Alianza na “Hapo zamani za kale”, na sisi hatukujiuliza kwa nini “hapo” wakati zamani yenyewe haionekani. Alikuwa anatukabidhi. Kisha: “Palikuwa na mvuvi mmoja.” Mvuvi anaingia mikono mitupu, bila kionyeshi. “Mvuvi huyo alikuwa na mtumbwi unaovuja.” Sasa tumeshampokea. Kuanzia hapo, hadithi ikishika kasi, anakuwa “yule mvuvi”, na kionyeshi kinatangulia jina: yule mvuvi akatia nanga, yule mvuvi akamwona samaki. Hatumwonyeshi tena kwa kidole. Ni mkazi wa hadithi, kila mtu barazani anamjua. Na mambo yakifika kooni Bibi alimleta mpaka miguuni petu: “Sasa huyu mvuvi huyu, akafanyaje?” Wadogo walirudi nyuma, kana kwamba mtumbwi umeingia ukumbini.

Miaka mingi baadaye nilikaa kwenye chumba cha habari cha gazeti moja, na hapo “yule” ya Bibi ilikuwa haramu. Mwenzangu mmoja alileta habari ya mtu aliyekamatwa na mabati ya wizi, akaandika katika aya ya pili, “Yule mkazi alikutwa nyumbani kwake.” Mhariri akaikata kwa kalamu nyekundu.

“Yule yupi? Msomaji anamjua?”

Ikawa “mkazi huyo”. Gazeti halikai barazani na msomaji wake. Hawana mtu wanayemjua pamoja isipokuwa yule aliyetajwa mistari miwili juu. Ndiyo maana habari zetu zimejaa kiongozi huyo, mtuhumiwa huyo, mbunge huyo, kionyeshi kikifuata jina kama karani nyuma ya bosi.

Hatari ya “huyo” ni kwamba hurukia aliyetajwa karibuni. Kulikuwa na nakala iliyosema polisi walimkamata dereva wa basi baada ya abiria mmoja kulalamika kuwa ametukanwa, na kwamba “mtu huyo alipelekwa kituoni”. Mhariri alisoma mara mbili, akauliza kwa nini polisi wamemweka ndani mlalamikaji. Kila aliyesoma kwa haraka alimwona abiria ndani ya karandinga, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa mwisho kupita. Dawa haikuwa “yule”. Mwandishi alirudisha jina lenyewe, “dereva huyo”, na “huyo” ikawa haina pa kukimbilia.

Watu husema kelele za mwizi zinavunja haya yote. “Huyo! Huyo!” na mwizi yuko mwisho wa mtaa, anazidi kuwa mdogo. Nimesikia kelele hizo Soko la Ngamiani, na kwangu mimi hazivunji kitu. Anayepiga kelele hapimi mtaa. Anakukabidhi mwizi: wa kwako huyo, mshike. Akishapinda kona akawapotea, wakasimama wanahema na kuanza kusimuliana, hapo ndipo anapokuwa yule mwizi.