Chati Bila Orodha ya Hatari ni Mapambo Tu

Nikiwa intani, niliachiwa kupangia timu: tovuti ya duka la viatu, watu 3, wiki 5. Wasee hudhani chati ya Gantt ni kupaka rangi kwa Excel. Zii. Anza na swali moja: nini inangoja nini?

Picha wiki 1, kurasa wiki 2, malipo ya M-Pesa wiki 3, majaribio wiki 1. Ukizipanga foleni ni wiki 7, umechelewa kabla uanze. Lakini malipo hayangoji picha. Tukiyaanza siku ya kwanza, zote zinaisha wiki 4. Wiki 1 inabaki ya akiba.

Sasa hatari. "Idhini ya malipo inaweza kuchelewa" ni wasiwasi, si mpango. Kwa hivyo niliipa tarehe, mwenyewe na hatua. Ijumaa ya wiki ya 2 ikifika bila jibu, msee wa malipo anapiga simu. Wiki ya 4 ikiisha bado kimya, tunafungua tovuti na namba ya tili, mteja ajilipie kwa simu yake.

Hiyo Ijumaa nikaiweka ndani ya chati. Ikafika, kimya. Simu ikapigwa, na hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani.