Usimwambie fundi "shingo inabana"

Mwezi Mei, kabla baridi ya Arusha haijakolea, kamati ya wazazi wa chekechea anakosoma mwanangu ilinituma kwa fundi. Tulitaka sweta 90 za kitambaa cha pamba zenye kofia, na sharti letu lilikuwa moja: ashone moja kwanza tuione, ndipo akate kitambaa cha zote.

Sampuli ilipendeza machoni. Nilipomvalisha mwanangu wa miaka mitano, ikakwama masikioni, akaanza kulia. Nikampigia fundi: "Shingo inabana, ipanue kidogo." Baada ya wiki ikaja ya pili. Shingo ilikuwa imepanuka kweli, ila kwa kuchimbwa mbele, kifua kikabaki wazi. Nikakasirika. Fundi akanijibu kwa upole, "Dada, uliniambia nipanue. Hukusema wapi wala kiasi gani."

Alikuwa sahihi. Nikaazima futi yake, tukapima wote wawili ile ya kwanza. Shingo ikivutwa hadi mwisho, mzunguko wake ulikuwa sentimita 50. Kichwa cha mwanangu ni sentimita 52, na hicho si kikubwa kwa umri wake. Safari hii nikaandika kwenye karatasi: "Mzunguko wa shingo ikivutwa sasa ni 50, tunataka 56. Ongeza sentimita moja na nusu kila upande wa bega, mbele na nyuma. Kina cha mbele kibaki kama sampuli ya kwanza." Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoikosa mwanzoni. Usipomwambia fundi kisichotakiwa kuguswa, atarekebisha kimoja na kuharibu kingine.

Kofia nayo ilikuwa na kamba ya kukazia, ncha zake zikining'inia kifuani. Wazazi wenzangu waliipenda. Mimi naandika habari za afya, kwa hiyo hapo sikukubali. Kamba ya namna hiyo hunasa kwenye bembea, kwenye ngazi ya kuteleza au kwenye mlango wa gari, ikamkaba mtoto shingo. Marekani ilitoa mwongozo dhidi ya kamba hizi mwaka 1996 baada ya watoto kufa, na viwango vya Ulaya haviziruhusu kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wadogo. Nikaandika: "Toa kamba, na usitoboe matundu yake." Matundu yakibaki, kuna mzazi atakayepitisha kamba yake mwenyewe, namjua.

Kabla ya kurudisha majibu niliifua sampuli mara tatu kama tunavyofua nyumbani, nikaianika juani. Urefu kutoka begani hadi pindoni ulikuwa sentimita 44, ukabaki 41 na nusu. Yaani ilipungua karibu sentimita sita katika kila mia. Nisingeifua, watoto wangeonyesha matumbo kufikia Agosti. Fundi akapendekeza akate kwa kipimo cha 47, ili ikishafuliwa irudi kwenye 44 hivi. Hesabu hiyo inafaa kwa kitambaa kile kile tu, maana rola nyingine inaweza kupungua tofauti. Tukakubaliana kwamba kila rola akate kipande cha sentimita 50 kwa 50, akifue na kukipima kabla ya kuanza kukata nguo.

Sampuli ya tatu ilipita kichwani bila kilio. Kasoro iliyobaki ilikuwa lebo iliyokwaruza shingo ya nyuma. Kwa shingo na kamba nilikuwa nimeandika "Imekataliwa, leta nyingine." Kwa lebo niliandika "Imekubaliwa, lebo ihamie mshono wa ubavuni", kwa sababu hilo halikuhitaji wiki nyingine ya kusubiri. Akahamisha lebo pale pale, akashona na ya pili inayofanana nayo. Zote mbili tukazitia saini na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Moja ilibaki kwake, nyingine nikaiweka kabatini.

Siku ya kupokea nilikwenda na ile ya kabatini. Sampuli hushonwa na fundi mwenyewe kwa utulivu, lakini 90 hushonwa na mikono mingi, kwa haraka. Nikachomoa kumi kutoka mafungu tofauti, nikavuta shingo na kupima. Tisa zilifika 56 au karibu yake. Moja iligoma kwenye 51. Fundi akaitazama mshono, akamwita kijana aliyekuwa kona ya mwisho. Kijana alikuwa ameanza kazi Jumatatu ile na hakuwahi kuonyeshwa sampuli. Alikuwa ameshona sweta sita. Zikafumuliwa zote mbele yangu, na sampuli yenye saini ikatundikwa kwenye msumari juu ya mashine yake.